Ng'ombe wa Dakika ya 23

Katika dakika ya 23, ng'ombe wa plastiki aliyekuwa amekwama nyuma ya mguu wa kiti alilia. Aliyemlilia ni binti wa miaka 5 na miezi 2, mwanafunzi wa PP2 kutoka Ruiru, ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwa ametoa sauti mbele ya mtu mzima yeyote asiyekuwa wa kwao. Ilikuwa "mooo" fupi, ya chini, midomo haijafunguka vizuri. Mtaalamu aliyeketi sakafuni hatua mbili kutoka kwake hakugeuka wala hakutabasamu. Alimsogeza ng'ombe wake mwenyewe, naye akalia kidogo, kisha akaandika kwenye daftari: 23, sauti ya mnyama, mama yuko karibu, mimi natazama pembeni.

Binti huyu si mtoto wa mtu. Nimemtunga ili tuifuate ripoti moja ya tathmini tangu mwanzo hadi mwisho bila kuanika siri za nyumba ya mtu. Hatua za tathmini, makosa na tiba ni zile zile zinazotumiwa na wanaowahudumia watoto wa aina hii. Mazingira nayo ni ya barabara ya Thika: nyumba ya kupanga Ruiru, shule ya kibinafsi nyuma ya ploti, chumba cha tathmini mjini Thika, na mama anayepanda matatu alfajiri kwenda kazini.

Hali yenyewe tuiite ukimya teule, ingawa jina hilo lina ila. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alipoieleza mwaka 1877 aliipa jina la Kilatini lenye maana ya kupoteza usemi kwa hiari, na Moritz Tramer wa Uswisi alipoiandika upya mwaka 1934 bado alibaki na wazo kwamba mtoto anajichagulia. Wazo hilo lilidumu miaka mingine 60. Mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulibadilisha neno, na toleo la mwaka 2013 likauweka ukimya huu mahali pake, miongoni mwa maradhi ya wasiwasi. Kinachoteuliwa ni mahali na watu, na anayeteua si mtoto. Nyumbani anabwabwaja hadi anaambiwa anyamaze. Akivuka lango la shule, koo linakaza na mwili unaganda. Mtoto aliyeganda hivyo ukimkazia macho na kumwambia "sema basi", unaongeza kile kile kinachomkaba.

Ili hali hii itambuliwe, ukimya lazima uwe umedumu angalau mwezi mmoja, na mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi, kwa kuwa wengi hunyamaza wakiwa wageni. Lazima pia uwe unamzuia mtoto kusoma au kuchangamana na wenzake. Binti yetu alikuwa amemaliza PP1 yote na muhula mzima wa PP2. Mwalimu wake wa kwanza aliandika kwamba ni "mkaidi kidogo". Wa pili alidhani haelewi Kiingereza. Jirani alisema ni bubu, shangazi akasema anaringa kama babake. Kilichomfikisha Thika hatimaye ni sketi: mara tatu katika mwezi wa Juni alirudi nyumbani ikiwa imelowa mkojo, kwa sababu chooni huendi mpaka uombe ruhusa, na ruhusa huombwa kwa mdomo.

Kosa la kwanza katika tathmini za aina hii ni swali lenyewe. Mtu huuliza, "Je, mtoto huyu anaweza kuongea?" Mama analijua jibu tangu mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Swali lenye manufaa ni: sauti inakatikia wapi hasa, mbele ya nani, na ni kitu gani kikisogezwa kidogo huirudisha? Ripoti nzuri ni ramani ya mpaka huo. Mpaka huo huwezi kuuona kwa kumkalisha mtoto mbele ya meza na kumwonyesha picha ataje majina. Atanyamaza, utaandika sifuri, na sifuri hiyo itasomwa kama upungufu wa akili. Nchini Kenya vituo vya tathmini ya elimu vya serikali vilianza mwaka 1984, na kazi yao mojawapo ni kuwaelekeza watoto kwenye shule zinazowafaa. Thika ni mji wenye shule za watoto wenye ulemavu zinazojulikana nchi nzima. Ni jambo jema, lakini mtoto wa ukimya teule aliyepimwa kwa mdomo anaweza kujikuta akielekezwa kwenye foleni isiyo yake.

Ndiyo maana hutumika mchezo. Mchezo unaondoa dai. Mtoto anayepanga vizibo vya soda haulizwi lolote, mikono ina kazi, macho yana pa kutua, na sauti ikija inakuja kama sehemu ya mchezo. Hadhira haipo.

Kazi huanza kabla mtoto hajafika. Mtaalamu alizungumza na mama kwa simu jioni moja, binti akiwa amelala, maana kumjadili mtoto huyu mbele yake ni kumkumbusha yeye ni nani machoni pa watu. Alimpa dodoso la maswali 17 linalouliza mara ngapi mtoto huongea shuleni, na jamaa, na watu wa nje, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mwalimu naye alijaza fomu yake fupi. Kisha ikaombwa video ya dakika tano iliyochukuliwa nyumbani wakati wa mchezo wa kawaida, bila kumwambia mtoto aongee. Video hiyo ina thamani kubwa kuliko karatasi zote. Humo binti alionekana akimpikia mdogo wake chakula cha udongo kwenye kifuniko cha chupa, akimfokea kwa sentensi za maneno saba na nane, herufi zote zikitamkwa sawasawa. Ilionekana pia anaigiza, anamtazama mwenzake usoni, anacheka kwa zamu. Hilo liliondoa shaka nyingi juu ya usonji na kasoro ya lugha, ingawa mtaalamu hakuzifuta moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya watoto hawa wana matatizo ya matamshi yanayojificha chini ya ukimya. Masikio yalipimwa pia. Hayakuwa na shida.

Likabaki suala la lugha, na hapa mtaalamu wa Thika ana kazi ambayo mwenzake wa mji wa lugha moja hana. Binti huyu husema Kikuyu na shosho, Kiswahili cha mtaani na kaka yake, na Kiingereza cha katuni akiwa peke yake. Shuleni Kiingereza ndicho kinachotakiwa. Mtoto yeyote anayeingia katika lugha mpya aweza kukaa kimya wiki au miezi akisikiliza, na huo si ugonjwa. Utafiti uliofanywa Israeli na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukimya teule huonekana zaidi kwa watoto wa familia za wahamiaji, kwa hiyo mambo haya mawili huweza kupandana na kuchanganya macho.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Anayejifunza lugha hunyamaza katika lugha ile mpya tu. Mpe mtu wa lugha yake, hata ndani ya lango la shule, na maneno yatatoka. Mtaalamu alimwomba mwalimu aangalie jambo moja: soja wa langoni, mzee mpole anayewasalimu watoto kwa Kikuyu kila asubuhi, hujibiwa? Hakujibiwa hata mara moja katika wiki mbili. Binti alimtazama viatu. Na wakati wa chakula, nyuma ya bembea, alikuwa na mwenzake mmoja wa kumnong'oneza, kwa Kiingereza hicho hicho alichodhaniwa hakijui. Ukimya wake ulifuata watu na mahali. Lugha haikuwa kigezo.

Hata hivyo lugha ilikuwa na mchango wake. Shule hiyo, kama nyingine kadhaa nchini, bado ina diski, kile kibao anachopewa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu ya aina hiyo aliyoiona akiwa mwanafunzi huku huku Kiambu, enzi za mkoloni. Kwa mtoto mchangamfu diski ni kero ya siku moja. Kwa mtoto aliyezaliwa na tabia ya tahadhari, anayeogopa mageni tangu utotoni kama mama yake alivyokuwa, ni uthibitisho kwamba kufungua mdomo kuna hatari. Siwezi kusema diski ndiyo iliyomfunga mdomo, na ripoti haikusema hivyo, maana hali hii huwa na sababu zilizosukana na mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano. Ripoti ilisema tu iondolewe.

Sasa turudi chumbani. Dakika 12 za kwanza mtaalamu hakuwemo. Mama na binti waliachwa peke yao na wanyama wa plastiki, vizibo, bakuli la maji ya sabuni na udongo wa kuchezea, simu ikirekodi kutoka dirishani kwa idhini ya mama. Baada ya dakika nne binti alianza kunong'ona, baada ya saba akawa anaongea sauti yake ya nyumbani: "Hapana, huyo ni mtoto, mamake ameenda Githurai kununua nyasi." Ripoti inaipa sentensi hii aya nzima, na ni haki yake. Inaonyesha kwamba jengo geni si tatizo, wala mji mgeni. Tatizo ni sikio geni.

Dakika ya 12 mtaalamu aliingia bila salamu ya moja kwa moja, akaketi karibu na mlango, akajishughulisha na karatasi. Sauti ikashuka hadi mnong'ono, kisha ikakatika. Hapo ndipo mpaka ulipo, na umepimwa. Alisubiri. Dakika ya 16 mnong'ono ulirudi, ukielekezwa sikioni mwa mama. Akasogea kidogo, na dakika ya 20 akaanza kusimulia alichokiona bila kuuliza lolote: "Kizibo chekundu kimepanda juu. Ng'ombe amefika mtoni." Maneno haya hayahitaji jibu. Yanamwambia mtoto kwamba anaangaliwa na mtu asiyemdai. Kisha akapuliza povu la sabuni, akamwachia binti kijiti. Kupuliza ni pumzi inayotoka mdomoni mbele ya mtu, na kwa mtoto aliyekaza koo hilo ni hatua ya kwanza ya ngazi. Baada ya pumzi huja mlio, na mnyama hulia kwa niaba yako. Ndipo tulipompata ng'ombe wa dakika ya 23.

Hatua iliyofuata ni aina ya swali. Ukimuuliza mtoto huyu "Unataka maji?" atatikisa kichwa, na umemzoeza kutikisa kichwa. Ukimuuliza "Ng'ombe anafanya nini?" swali limekuwa pana mno. Katikati kuna swali la kuchagua: "Ng'ombe analala zizini au chini ya mti?" Neno lenyewe limo ndani ya swali, yeye analirudisha tu. Mama aliuliza kwanza, mtaalamu akisikia, na jibu likaja, "Zizini," sauti ya kawaida. Dakika ya 38 mtaalamu akauliza lake: majani ya kijani au makavu? Akahesabu kimoyomoyo hadi tano. Jaribu kunyamaza sekunde tano baada ya kumuuliza mtoto swali. Ni ndefu kama foleni ya magari jioni. Sekunde ya pili mama tayari alikuwa ameanza, "Ni maka..." akajizuia. Sekunde ya tano midomo ya binti ikaunda neno, na pumzi kidogo ikalibeba. "Kijani."

Mama akashindwa. "Umeongea! Daktari, umesikia? Ameongea!"

Binti akainamisha uso kwenye mapaja ya mama, na kwa dakika tisa hakukuwa na sauti wala mchezo. Nani amlaumu mama aliyesubiri zaidi ya mwaka? Lakini kwa mtoto ambaye hofu yake ni kuonekana akiongea, shangwe ni taa kali usoni. Sifa inayofaa hutolewa polepole, nayo hulenga jambo: "Asante kuniambia, basi tumpe majani ya kijani." Mtaalamu alirudi kwenye povu, hakuuliza tena, na kikao kikaisha dakika ya 55 bila neno lingine.

Kilichoifanya ripoti iwe na kazi ni maelezo ya tukio dogo zaidi: ile "Ni maka..." ya mama. Hapo ndipo ukimya unapolishwa. Mtu anamuuliza mtoto, mtoto anashikwa na hofu, mtu mzima wa karibu anaona huruma na kujibu badala yake, hofu inashuka kwa wote wawili. Nafuu hiyo ni tamu, na ubongo hujifunza kwamba kunyamaza kunaleta nafuu. Mzunguko huo hurudi mara 20 kwa siku: dukani, kanisani, kwenye ngazi za ploti. Kaka hujibu, shosho hujibu, hata wenzake darasani humwambia mwalimu, "Ticha, huyo haongei." Kila anayesaidia anaongeza kamba. Ndiyo sababu kungoja "atakua tu" ni ushauri mbovu. Akikua anakua na mazoea.

Maelekezo kwa wazazi yalitoshea nusu ukurasa. Maswali ya kuchagua, kungoja sekunde tano, kutojibu kwa niaba yake. Akikwama, swali lirudiwe mara moja kwa njia rahisi kisha mambo yaendelee bila lawama. Kila jioni kioski cha jirani, muuzaji yule yule: wiki ya kwanza binti amwambie mama anachotaka huku muuzaji akisikia, baadaye amwambie muuzaji mwenyewe neno moja. Wasimwahidi baiskeli akiongea, na wasimwambie aongee ili mwalimu afurahi. Jambo la kushangaza wazazi: duka kubwa la Thika lisilomjua mtu linaweza kuwa rahisi kuliko darasa la Ruiru, kwa sababu pale hakuna anayemjua kama "yule asiyeongea". Waanzie huko wakiona panafaa.

Shuleni kazi ni kumwingiza mwalimu ndani ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Mtu ambaye mtoto huongea naye anakaa naye darasani kabla wengine hawajafika, wanacheza mchezo wa kuhesabu kwa zamu hadi 10: moja, mbili, tatu. Mwalimu yuko nje, mlango umefungwa. Siku nyingine mlango uko wazi. Kisha anaonekana mlangoni, kisha anapita akibeba madaftari, kisha anakaa dawati la mbali, kisha anashika zamu ya tatu katika hesabu. Mwisho kabisa yule wa nyumbani anaanza kurudi nyuma. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki. Sauti ikikatika unarudi hatua moja, huruki. Mbinu hii ni ya miaka mingi na ndiyo uti wa tiba. Huko Norwe watoto 30 waliotibiwa nyumbani na shuleni kwa njia za jamaa hii walifuatiliwa, na miaka mitano baadaye 21 kati yao hawakuwa na hali hiyo tena. Walioanza wakiwa wadogo walifanya vizuri zaidi. Wanne bado walikuwa nayo, na kwa watoto wakubwa waliokwama daktari wa akili huweza kuongeza dawa za wasiwasi.

Utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya Norwe unagonga ukuta Ruiru. Mama anatakiwa kazini Thika saa mbili asubuhi, mwalimu ana watoto 38, na darasa halifunguliwi kabla ya saa moja. Rasimu ya kwanza ya ripoti ilisema "mama", na ingebaki kabatini. Ya pili ilisema "shosho", anayekaa ploti hiyo hiyo na asiyekuwa na pa kukimbilia asubuhi, na mchezo ukawa wa kuhesabu vizibo kwa Kikuyu. Mwalimu mkuu alisita juu ya Kikuyu darasani. Aliambiwa ukweli: kwa sasa tunatafuta sauti, Kiingereza kitafuata.

Mengine hayakuhitaji mtaalamu. Wakati wa kuitwa majina, darasa zima linyooshe mkono badala ya kuitika, ili mmoja asibaki peke yake. Kusoma kwa sauti apimwe kwa rekodi aliyoifanya nyumbani, ili asiandikiwe "chini ya matarajio" kwa kile anachokijua. Mwenzake wa nyuma ya bembea akae dawati moja naye. Mtoto mwingine akisema "huyo haongei", mwalimu ajibu kwa wepesi, "Anaongea, hapa bado hajaanza," kisha somo liendelee. Na ya choo ifanyike siku hiyo hiyo bila kungoja kitu kingine: kadi ya rangi ya njano mfukoni, anaiweka juu ya meza ya mwalimu na kutoka.

Daftari la shosho, ambalo kwa kweli kaka wa darasa la nne ndiye aliyekuwa akiliandika, linaonyesha wiki ya kwanza mnong'ono tu, mlango ukiwa umefungwa. Wiki ya tatu sauti ya kawaida, mlango wazi. Wiki ya nne mwalimu aliingia ghafla kutafuta chaki na siku mbili zikapotea. Wiki ya sita mwalimu alikuwa sakafuni, akishika zamu ya tatu, na binti alisema "ithatũ" kabla yake kwa kuwa mwalimu alichelewa, akamtazama kana kwamba ndiye mwenye kosa.

Ripoti inamalizia kwa tarehe. Shule hufungwa mwishoni mwa mwaka, na Januari binti anaingia Gredi ya 1 na mwalimu mwingine; sikio geni tena, baada ya wiki nyingi za likizo bila mazoezi. Kwa hiyo mwalimu huyo ajulikane mapema, na kabla ya muhula wa tatu kwisha aje akae mlangoni mara nne, vizibo vikihesabiwa. Pembeni, kwa kalamu, mtaalamu ameongeza: kadi ya njano ihamie naye.